Kiporo kilichopashwa moto zaidi ya mara moja: soma dalili, utafute kosa lilipo

Ukiuliza kama kiporo kinaweza kupashwa moto mara ya pili na ya tatu, utapewa majibu mawili yanayogongana, na yote yanatoka kwa wenye dhamana. Wakala wa Viwango vya Chakula wa Uingereza huwaambia watu wapashe mara moja tu. Wizara ya Kilimo ya Marekani haina tatizo na kupasha tena, mradi chakula kilikuwa kwenye baridi na kila kinapopashwa kifike nyuzi 74 za Selsiasi hadi katikati.

Kuhusu bakteria, mashirika haya mawili hayabishani. Waingereza wamechagua sheria fupi ambayo mtu mwenye njaa ataikumbuka, nao Wamarekani wameeleza masharti. Mimi naona masharti ndiyo yanayosaidia pale jambo linapoharibika, kwa sababu sheria ya "mara moja tu" haikwambii kosa lilikuwa wapi. Unaweza kupasha mara moja tu na bado ukaugua.

Moto wenyewe hauongezi sumu. Wali uliokaa juu ya jiko ukichemka siku nzima utaungua au utakuwa uji, lakini bakteria hawatazaliana humo. Wanazaliana chakula kinapopita kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, na kila mzunguko wa kupasha na kupoza hukipitisha humo mara mbili: kikipanda na kikishuka. Kupanda huchukua dakika chache. Kushuka, hasa kwenye sufuria kubwa, huchukua saa nyingi, na huko ndiko madhara mengi hutokea. Kwa hiyo ukitafuta chanzo, usianze kwa kuhesabu mara ngapi kimepashwa. Anza kwa kuuliza kilipoaje, wapi, na kwa muda gani.

Dalili ya kwanza: mtu ametapika ndani ya saa chache, ingawa chakula kilipashwa kikachemka kabisa

Hii ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Chakula kilitoa mvuke, kila mtu alikiona kinatokota, na bado kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula mtu ana kichefuchefu kikali na anatapika mfululizo. Homa mara nyingi haipo, na siku inayofuata kwa kawaida amepata nafuu.

Kutapika mapema hivyo kunaonyesha kwamba sumu ilikuwa tayari ndani ya chakula kabla hakijarudi jikoni. Watengenezaji wa sumu ya namna hii ni wawili. Wa kwanza ni bakteria aitwaye basilasi, anayependa vyakula vya wanga kama wali, tambi na viazi. Huyu huacha mbegu zenye gamba gumu, ziitwazo spora, ambazo kuchemsha kwa kawaida hakuziui. Wali ukibaki kwenye joto la chumba, spora huamka, bakteria huongezeka, na baadhi yao hutoa sumu ya kutapisha inayovumilia hata nyuzi 121, joto linalotumika kusafishia vyombo vya upasuaji. Mchemko wa kawaida wa jikoni haufiki huko.

Wa pili ni stafilokokasi. Huyu huishi puani na kwenye ngozi za watu wengi wazima wa afya, na huingia kwenye chakula kwa mikono: nyama iliyochambuliwa kwa vidole baada ya kuiva, yai la kuchemsha lililomenywa, saladi ya kuku iliyochanganywa kwa mkono. Kuchemsha humuua mara moja, lakini sumu aliyokwisha kuitoa hustahimili mchemko wa nusu saa na zaidi.

Ili kujua ni yupi, uliza chakula kilikuwa nini na nani alikigusa baada ya kuiva. Kama ni wanga ulioachwa sufuriani tangu jana, mshuku basilasi. Kama ni nyama iliyoshikwa kwa mikono, hasa mikono yenye kidonda au kikwaruzo, mshuku stafilokokasi. Samaki kama jodari wana tatizo linalofanana na hili: wakikaa bila baridi hujengeka ndani yao kemikali iitwayo histamini, inayoleta wekundu usoni, kichwa kuuma na mwasho ndani ya muda mfupi baada ya kula, nayo pia haiondoki kwa moto.

Marekebisho hayapo kwenye kupasha. Hakuna moto wa jikoni utakaokiokoa chakula hicho, na hapa msemo wa "kichemshe vizuri tu" unapotosha watu. Kimwage. Safari ijayo, wali utakaobaki uingie kwenye baridi ndani ya saa 2 tangu uive, au ndani ya saa 1 ikiwa hewa yenyewe imepita nyuzi 32, na nyama iliyoiva ishikwe kwa koleo au uma.

Dalili ya pili: tumbo kusokota na kuharisha, saa 8 hadi 16 baada ya kula

Hapa mgonjwa hatapiki, au anatapika kidogo sana. Tumbo linamnyonga, anaharisha maji, homa hana, na kwa kawaida mambo yanatulia ndani ya siku moja. Chakula kilichohusika karibu kila mara ni cha sufuria kubwa: mchuzi mzito, nyama ya kuchemsha, maharage, supu nzito.

Anayeshukiwa kwanza ni klostridia, yule wa aina ya perfrinjensi. Huyu naye ana spora zinazovumilia kupikwa, na moto wa kwanza humfanyia mambo matatu mazuri kwa mkupuo. Unawaua bakteria wengine ambao wangemnyang'anya chakula, unaifukuza oksijeni asiyoipenda, na unaziamsha spora zilizokuwa zimelala. Kisha sufuria inaanza kupoa taratibu. Ikifika nyuzi 50 hivi anaanza kuongezeka, na kwenye nyuzi 43 hadi 45 anaweza kujigawa mara mbili kila baada ya dakika kama 10. Wachache wanaojigawanya kila dakika 10 hugeuka wengi haraka kuliko mtu anavyodhani: wakiwa 10 tu kwenye gramu moja ya mchuzi, baada ya saa 2 za joto wanalolipenda ni zaidi ya 40,000, na baada ya saa 3 wamepita milioni 2. Hiyo ni hesabu ya hali inayomfaa kabisa, na jikoni kwa kawaida huwa chini ya hapo, lakini inaonyesha kwa nini saa moja ya uzembe zaidi si jambo dogo.

Tofauti yake na wale wa kutapisha ni kwamba huyu lazima umle akiwa hai, tena kwa wingi. Sumu yake huitoa akishafika utumboni. Kwa hiyo kwake kupasha vizuri kunasaidia kweli: mchuzi ukifika nyuzi 74 kote, bakteria waliokuwa wakijigawa wanakufa. Spora zinabaki, na sufuria ikipoa tena polepole, zinaamka tena. Hapo ndipo mzunguko wa pili na wa tatu unapokuwa na hatari yake ya kweli.

Tuufuatilie mfano mmoja tangu mwanzo. Jumamosi saa 12 jioni moto unazimwa chini ya sufuria ya mchuzi mzito wa nyama na maharage, lita 6. Watu wanakula, zinabaki lita 5, mfuniko unarudishwa na sufuria inaachwa juu ya jiko "ipoe kwanza". Kufikia saa 3 usiku katikati ya sufuria ni nyuzi 60 hivi, na kuanzia hapo saa ya hatari inahesabu. Saa 5 usiku ni kama nyuzi 45, ambalo ndilo joto klostridia analolipenda kuliko yote. Wa mwisho kulala anaingiza sufuria nzima kwenye friji akiwa na uhakika kwamba ametimiza wajibu.

Friji haiwezi kuifanyia sufuria hiyo miujiza. Joto la katikati lazima lisafiri kwenye mchuzi mzito hadi ukingoni ndipo litoke, na mchuzi mzito hauzunguki wenyewe kama maji. Nyuzi 20 zinafikiwa alfajiri, saa 10 hivi, na saa 1 asubuhi katikati bado ni kama nyuzi 12. Ukijumlisha, mchuzi umekaa kati ya nyuzi 50 na 20 kwa karibu saa 6, na saa nyingi kati ya hizo ulikuwa ndani ya friji. Aliyeuliza "uliwekwa kwenye friji?" angejibiwa ndiyo, na jibu lingekuwa la kweli.

Jumapili saa 7 mchana sufuria nzima inawekwa motoni. Pembeni panatoa mapovu, watu wana njaa, mchuzi unapakuliwa ukiwa vuguvugu katikati, nyuzi 50 hivi. Zinabaki lita 3, zinaachwa juu ya jiko kwa sababu "jioni si tutapasha tena". Saa 1 usiku unapashwa mara ya pili, safari hii unakorogwa na kuchemka kweli. Usiku huo, kati ya saa 5 na alfajiri, watu wawili wanashikwa na tumbo.

Kila mtu ataulaumu mlo wa jioni, kwa kuwa ndio wa mwisho na ndio uliopashwa mara ya pili. Lakini hesabu ya saa haikubaliani nao. Ukirudi nyuma saa 8 hadi 16 kutoka saa 5 usiku, unaangukia asubuhi na mchana, wala hufiki mlo wa saa 1 usiku. Ukiuliza nani alikula lini, huenda ukakuta aliyekula mlo wa jioni tu yuko salama. Kilichowaangusha wenzake ni mlo wa mchana: bakteria waliolelewa Jumamosi usiku, wakaliwa wakiwa hai kwa sababu moto wa mchana ulikuwa wa kubembeleza. Kupasha kwa pili, ambako ndiko kunakolaumiwa, kulikuwa ndiko kuzuri kuliko kote siku hiyo. Hata hivyo mlo huo wa jioni haukuwa na dhamana, kwa sababu mchuzi ulikuwa umekaa saa 6 juu ya jiko na mwiko umepita mikononi mwa watu. Kama kulikuwa na sumu ya stafilokokasi, mchemko usingeiondoa.

Kuna makosa mawili ya kurekebisha hapa, na la kwanza ndilo kubwa. Mchuzi ulipaswa kugawanywa mara tu watu walipomaliza kula, kwenye vyombo vipana ambavyo kina chake hakizidi sentimita 5. Kina ndicho kinachoamua. Ukikipunguza kwa nusu, muda wa joto kutoka katikati hupungua kwa zaidi ya nusu. Ukiwa na haraka, weka chombo kwenye beseni la maji baridi, yenye barafu kama ipo, na ukoroge kila baada ya dakika chache huku ukibadilisha maji yakipata joto. Mvuke ukikoma, ingiza kwenye friji mfuniko ukiwa umeegeshwa tu, na uache nafasi kati ya chombo na chombo hewa ipite. Usingoje kipoe kabisa mezani. Jikoni za biashara nyingi hutumia kipimo hiki: kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha kufika nyuzi 5 ndani ya saa 4 zaidi. Nyumbani, ukiwa na vyombo vya kina kifupi, unakifikia bila shida.

La pili ni kuacha kupasha sufuria nzima. Toa kile kitakacholiwa sasa, kingine kibaki kwenye baridi. Lita 5 zilizogawanywa kwenye vyombo vitano zinaweza kulisha nyumba milo mitano, kila siku moto ukiwashwa, na bado kila kijiko cha mchuzi kimepashwa mara moja tu. Hapo hata Waingereza na Wamarekani wanakubaliana.

Dalili ya tatu: pembeni kunaunguza mdomo, katikati ni baridi

Kwenye maikrowevu hili ni jambo la kawaida. Mawimbi yake hupenya sentimita chache tu, tena hayasambai sawasawa, kwa hiyo sahani ya wali uliorundikwa inaweza kuwa na sehemu ya nyuzi 90 na nyingine ya 35 zikiwa zimeachana kwa upana wa kidole gumba. Mvuke unaouona unatoka kwenye ile ya 90.

Usirundike. Tandaza chakula, na kama ni wali, fanya tundu katikati ili uwe kama pete. Nyunyiza maji kijiko kimoja au viwili, funika kwa mfuniko wenye upenyo ili mvuke ubaki ukifanya kazi, na usimamishe katikati ya muda ukoroge kutoka pembeni kuja ndani. Ukimaliza, acha kikiwa kimefunikwa kwa dakika 2 kabla ya kukila, maana joto linaendelea kusambaa. Mwenye kipimajoto cha chakula achome sehemu nene kuliko zote, na sehemu nyingine mbili. Asiye nacho atazame mchuzi au supu: inatakiwa itokote kote baada ya kukorogwa, siyo pembeni tu. Kwa kipande cha nyama kisicho na mchuzi, kikate vipande vidogo kwanza. Ni vigumu kukibahatisha kikiwa kizima.

Chungu cha umeme cha kupikia polepole hakifai kupashia kiporo. Kinapita kwenye joto la hatari kwa saa nyingi kabla ya kufika juu. Pasha kwenye jiko, kisha ukipenda kitie humo kikae moto juu ya nyuzi 60.

Dalili ya nne: kiporo kina ladha ya mafuta ya zamani au ya kopo, lakini hakuna anayeugua

Nyama iliyoiva na kulala kwenye friji hupata harufu fulani nzito ikipashwa, inayofanana na mafuta ya zamani au kadibodi. Hiyo hutokana na mafuta ya nyama kuungana na oksijeni, huku madini ya chuma yaliyoachiwa na nyama wakati wa kupikwa yakiharakisha jambo hilo. Kila kupasha huongeza harufu hiyo, na huzidi kukausha nyama, kuvunja wali na kuzifanya mboga kuwa rojo. Ni hasara ya mlo, siyo sumu. Ukitaka kuipunguza, hifadhi nyama ikiwa imezama kwenye mchuzi wake, hewa isiifikie.

Usiigeuze kanuni hii kichwa chini. Kiporo kinachonuka vizuri hakijathibitisha lolote, kwa sababu klostridia, basilasi na stafilokokasi wanaweza kufikia kiwango cha kudhuru bila harufu wala utelezi. Wanaonukisha chakula kwa kawaida ni bakteria wa aina nyingine. Kwa hiyo pua inaweza kukuambia "mwaga", lakini haina mamlaka ya kukuambia "kula". Mapovu kwenye mchuzi baridi au uchachu usiokuwepo jana ni sababu tosha ya kumwaga, na usionje ili kuhakikisha.

Dalili ya tano: hakuna dalili, ila hukumbuki kilipikwa lini

Kiporo kwenye friji ya nyuzi 4 au 5 huhesabiwa siku 3 hadi 4 tangu siku kilipopikwa. Watu wengi huamini kwamba kukipasha Jumatatu kunaanzisha hesabu upya. Hapana. Spora bado zipo, sumu kama ilikuwepo bado ipo, na kila kinapofunguliwa kijiko kipya kimeingia. Andika siku ya kupika kwenye kipande cha karatasi cha kubandika, na tarehe hiyo isibadilishwe hata kikipashwa mara ngapi. Kisichoweza kuliwa ndani ya siku hizo kigandishwe mapema, siku ya kwanza au ya pili, kikiwa kwenye mafungu ya mlo mmoja mmoja. Barafu inasimamisha ongezeko, haiui, na kikiyeyuka hesabu inaendelea pale ilipoachia.

Umeme ukikatika, friji iliyofungwa hushika baridi kwa saa 4 hivi. Zaidi ya hapo, viporo vya nyama, wali na maziwa ndivyo vya kwanza kutoka.

Kwa mtoto mdogo, mjamzito, mzee au mtu ambaye kinga yake imeshuka, mimi nafuata jibu la Waingereza bila mjadala: mara moja, hadi katikati kuwe moto kabisa, na kinachobaki sahani mwake hakirudi kwenye friji. Na mgonjwa wa dalili zozote hapo juu akiona damu kwenye choo, homa ikapita nyuzi 39, akashindwa kubakiza hata maji tumboni, akaacha kukojoa, au kuharisha kukapita siku 3, apelekwe hospitali. Daktari aambiwe alikula nini na saa ngapi, na fungu la chakula kilichobaki liwekwe kando kwenye baridi likiwa limefungwa na kuandikwa lisiliwe, kwani linaweza kupimwa.